Mto: maswali ninayoulizwa kila mara kuhusu skripti ya msimulizi mwongo

Skripti ya filamu yangu fupi inayoitwa Mto imezunguka kidogo kwenye simu za watu, na kila wiki napata meseji zinazouliza mambo yale yale: umefanyaje mpaka tukamwamini yule fundi, mbona hujaonyesha anavyodanganya, na mimi nikitaka kuandika ya kwangu naanzia wapi. Nimeona bora niyajibu hapa sehemu moja, na nitatumia skripti hiyo hiyo kama mfano maana ndiyo ninayoijua nje ndani, makosa yake yote nayajua.

Kwa ambaye hajaisoma, hadithi yenyewe ni ipi?

Tuko Pangani, pale mto unapoingia baharini. Bi Mwanahawa, mama wa miaka kama 60, amefiwa na mwanawe Juma aliyekuwa nahodha wa mashua. Arubaini imeshasomwa, wageni wametawanyika, usiku mmoja anakwenda nyumbani kwa Fundi Shabani, fundi kalafati aliyeitengeneza ile mashua kabla haijazama, anamwambia nieleze mwanangu alivyokufa. Fundi anaeleza. Dakika 12, watu watatu na mtoto aliyelala, chumba kimoja na vipande vichache vya ufukweni. Basi.

Watu wa bara wananiuliza kalafati ni nini. Mashua ya mbao ina nafasi nyembamba kati ya ubao na ubao, fundi anachukua pamba anailoweka mafuta anaisokota kama uzi mnene, halafu anaishindilia mle ndani kwa patasi butu na nyundo, ko ko ko, mshono mzima. Mashua ikiingia majini mbao zinavimba zinaibana ile pamba na maji hayapiti. Asipoishindilia vizuri, au akiruka sehemu, maji yanaingia taratibu na ukiwa mbali na pwani usiku unaweza usijue mpaka umechelewa. Kwenye skripti Bi Mwanahawa mwenyewe ndiye alinunua pamba, kilo 2, akaipeleka kwa fundi kwa mkono wake.

Msimulizi mwongo ni yupi hasa? Akiwa amesahau tu naye anahesabika?

Yupo msimulizi anayekosea kwa sababu ni mtoto, au mgonjwa, au mlevi, au kapenda mtu mpaka haoni. Huyo hujui umuamini kiasi gani lakini yeye mwenyewe hana nia mbaya. Ninayemzungumzia mimi hapa ni yule anayeujua ukweli na anauficha kwa makusudi. Tofauti yake kwenye uandishi ni kubwa sana, maana anayekosea unaweza kumpeleka popote, ila mwongo kila neno lake lina kazi, anaziba kitu. Kwa hiyo kabla hujaandika sini hata moja jiulize anaziba nini na anamzibia nani. Fundi Shabani hadanganyi dunia nzima, anamdanganya mama mmoja aliyekaa mbele yake kwenye mkeka. Angekuwa anaongea na polisi uongo wake ungekuwa mwingine kabisa, ungekuwa mfupi na mkavu. Kwa mama wa marehemu anaweka huruma ndani yake, anasifu marehemu, analia kidogo, na machozi yenyewe ni ya kweli kwa sababu kweli anamlilia Juma. Hapo ndipo watu wengi wanakosea, wanadhani mwongo haumii.

Naanzia wapi? Nianze na uongo wake?

Hapana, anza na ukweli, na uuandike mpaka uishe, kama vile ndiyo filamu yenyewe. Mimi nilichora mstari katikati ya ukurasa wa daftari, kushoto nikaandika kilichotokea, kulia anachosema fundi. Kushoto: mashua ilivutwa ufukweni siku mbili, Juma alikuwa na haraka, fundi akatia pamba kwenye mishono ya juu inayoonekana kwa macho, ile ya chini karibu na mkuku, ule mti wa chini kabisa wa mashua, akagusa kidogo tu halafu akapaka shahamu na chokaa juu yake pakaonekana pamejaa. Pamba iliyobaki akapeleka nyumbani, mkewe akashonea mto. Siku ya tatu usiku mashua ikajaa maji pale mlangoni mwa mto. Kulia: nilitia pamba kila mshono, pamba yote ikaisha, Juma alitaka kukatisha mwambani nikamkataza hakusikia, mwamba ukamchana ubavu.

Ukiangalia hizo pande mbili utaona uongo wa fundi haukutengenezwa hewani. Ufukwe ni ule ule, siku ni zile zile, haraka ya Juma ni ya kweli, amegeuza vitu vichache tu, hasa pamba na mwamba. Mwongo mzuri anabadilisha kidogo. Skripti nyingi ninazotumiwa na vijana msimulizi amedanganya kila kitu, mpaka jina lake, halafu mwisho inaonekana yote ilikuwa ndoto au yuko hospitali ya wagonjwa wa akili. Hapo mtazamaji hana cha kurudi kukagua, anabaki amekasirika, na ana haki. Akibadilisha vitu vichache tu mtazamaji anaweza kurudi nyuma kichwani akasema ahaa, kumbe pale.

Na ongeza safu ya tatu kama una nafasi: kwa nini. Fundi hakuiba pamba kwa roho mbaya, aliona imebaki na aliona Juma anamharakisha, akasema atamalizia mashua ikirudi. Sijaiandika popote kwenye skripti hiyo sababu lakini nisingeijua nisingeweza kumwandikia sauti yake.

Kamera inaruhusiwa kudanganya na yenyewe, au sauti tu?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote na ndipo filamu inapoachana na riwaya. Kwenye kitabu kuna sauti moja tu, ukimwamini ukakosea ni juu yako. Kwenye filamu kuna sauti na kuna picha, na sisi binadamu tunaamini picha, tukishaona kwa macho tumeona. Ndiyo maana ukionyesha flashibaki ya uongo halafu ukasema haikutokea, watu wanahisi si mhusika aliyewadanganya, ni wewe. Alfred Hitchcock mwenyewe yalimkuta mwaka 1950 kwenye filamu ya Stage Fright, alianza na flashibaki ambayo baadaye inakuja kuonekana ni ya uongo, watu hawakuipenda, na miaka baadaye alimwambia dairekta wa Kifaransa François Truffaut kwamba lilikuwa kosa.

Sasa mimi nilijiwekea sheria tatu nikazibandika ukutani. Ya kwanza, picha ya chumbani, yaani sasa hivi fundi anapoongea na mama, ni ya kweli siku zote, haidanganyi hata sekunde. Ya pili, picha za ufukweni ni mali ya fundi, tunaona anachosema, lakini zisionyeshe kitendo cha uongo chenyewe. Fundi anasema nilitia pamba kila mshono, tunachoona ni mikono inasokota pamba, tunaona nyundo inapanda juu, tunaona ubavu wa mashua kwa mbali, ila hakuna hata picha moja inayoonyesha pamba ikiingia kwenye mshono wa chini. Mtazamaji anajaza mwenyewe. Ukirudia kuangalia unakuta kumbe hukuonyeshwa, ulijionyesha. Ya tatu, mwamba hatuuoni kabisa. Anapofika kwenye mwamba kamera haiendi baharini, inabaki usoni kwa Bi Mwanahawa anayesikiliza. Uongo mkubwa kuliko wote nimeuacha uwe maneno matupu, na uso wa mama ndio unaoupima.

Hiyo ya tatu imeniokoa hela pia, maana kuzamisha mashua usiku kwa kamera ni bajeti ambayo mimi sina, lakini hata ningekuwa nayo nisingeipiga.

Dalili ziwe ngapi, na nizifiche wapi?

Kwa dakika 12 mimi naona tatu zinatosha, tena zisiwe za aina moja. Kipimo cha kawaida cha skripti ukurasa mmoja ni kama dakika moja kwa hiyo naziita kwa kurasa.

Dalili ya kwanza iko ukurasa wa 4 na ni ya watu wachache. Fundi anasema, "Tuliipandisha mashua juu kabisa, kule karibu na mikoko, maji yakaja kuichukua yenyewe siku ya tatu, mwezi ulikuwa nusu." Mtu wa Dodoma anapita hapo bila habari. Mtu wa pwani anakaa sawa, kwa sababu mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari haipandi juu wala haishuki sana, maji hayafiki kule kwenye mikoko. Maji yanayofika huko ni ya bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, kwenye pwani yetu yanapanda yanashuka zaidi ya mita 3. Ukweli ni kwamba mashua haikupandishwa kokote, ililazwa chini palepale inapokauka maji yakipwa, kwa hiyo kila siku alikuwa na saa chache tu za kufanya kazi kabla maji hayajarudi. Ndiyo maana hakumaliza. Lakini dalili ya namna hii usiitegemee peke yake hata siku moja, ni zawadi kwa anayejua.

Dalili ya pili ni ya kila mtu na inahitaji sehemu mbili. Ukurasa wa 3 fundi anaelezea siku za kazi, anasema kulikuwa shwari, hata jani la mnazi halitikisiki, anasema kwa raha kabisa kwa sababu anataka tuone alivyofanya kazi kwa utulivu. Ukurasa wa 7 Bi Mwanahawa anasema taratibu, "Siku zile mbili nilikuwa nakausha dagaa palepale nyuma ya mitumbwi. Sikusikia nyundo, mwanangu." Kimya. Halafu yeye mwenyewe anamsaidia: "Labda upepo ulichukua sauti." Na fundi anadaka: "Ndiyo mama, upepo. Ulikuwa upepo mkali siku zile."

Hapa naomba nikae kidogo kwa sababu ndiyo mbinu ninayoipenda kuliko zote. Msikilizaji anampa mwongo mlango wa kutokea, na mwongo anaupita haraka mno. Mtu mkweli angesema hapana mama, kulikuwa shwari, sijui kwa nini hukusikia. Mkweli hana haja ya kila kitu kukubaliana, anaweza kuacha kitu hakielezeki. Mwongo hawezi, kila tundu akiliona analiziba, na akiziba hili anafungua lile. Na angalia kwamba hatujui kama Bi Mwanahawa alimtega au alimhurumia tu. Mimi ninajua jibu langu lakini sijaliandika, muigizaji ndiye atakayeamua siku hiyo.

Kati ya ukurasa wa 3 na wa 7 kuna dakika nne, na hiyo nafasi niliihesabu. Shwari na upepo vikikaa karibu, ndani ya dakika moja, kila mtu ananyooshea kidole na hadithi imekwisha. Vikikaa mbali sana neno shwari linakuwa limeshasahaulika. Kwa sababu hiyo nimeweka pia picha, fundi anaposema shwari tunaona makuti ya mnazi yametulia kabisa dhidi ya mbingu, picha inakaa kichwani kuliko neno.

Dalili ya tatu ni mto.

Jina la filamu ni mto gani sasa?

Kila mtu anadhani ni Mto Pangani, na nataka wadhani hivyo. Fundi anautaja mto mara tano, mlango wa mto, maji ya mto, mkondo wa mto, na mtazamaji akiona jina anasema sawa, ni hadithi ya mto uliomeza mtu.

Kumbe ukurasa wa 2 tu, Bi Mwanahawa anakaribishwa mkekani, mke wa fundi anamletea mto wa kuegemea kama anavyofanyiwa mgeni yeyote mtu mzima, "Egemea mama, mgongo huo." Mama anaegemeza kiwiko. Anakaa nao filamu nzima. Mto wa nyumbani kwetu kwa kawaida ni wa sufi, ni mwepesi, ukiubonyeza unazama halafu unainuka. Wa pamba ni mzito na unashikana mabonge. Ukurasa wa 5 mama anauinua kuuweka vizuri, na mkono wake unatua kidogo, hakuutarajia ule uzito. Hakuna neno. Ukurasa wa 10 kidole chake kinagusa mahali ambapo mshono umeachia.

Nimeeleza yote hii ili uone kitu kimoja: ushahidi umekaa chini ya kiwiko cha mama mwanzo mpaka mwisho, tena umeletwa kwa heshima na mtu asiyejua chochote. Dalili bora ni ile ambayo mwanzoni ina kazi yake nyingine ya kawaida. Ukiona kwenye skripti yako kuna kitu kipo kwa ajili ya kuwa dalili tu, mfano barua iliyosahauliwa mezani, mtazamaji atakinusa kikiingia tu.

Kwenye skripti naandikaje? Niandike "anadanganya"?

Usiandike. Andika kinachoonekana na kinachosikika basi. Ukiandika "Shabani anadanganya, macho yanakimbia" umeshamwambia muigizaji acheze mwongo wa kwenye maigizo, na umemwambia msomaji wa skripti siri kabla ya wakati. Hiki ndicho kipande cha ukurasa wa 7 jinsi kilivyo:

NDANI. CHUMBA CHA FUNDI – USIKU

Chemli mezani. Bi Mwanahawa ameegemea mto. Mtoto amelala pembeni.

BI MWANAHAWA
Sikusikia nyundo, mwanangu.

Shabani anamfunika mtoto shuka. Mtoto alikuwa ameshafunikwa.

BI MWANAHAWA
Labda upepo ulichukua sauti.

SHABANI
Ndiyo mama, upepo. Ulikuwa upepo mkali siku zile.

Ile shuka ndiyo yote. Sijasema ana wasiwasi. Kuhusu sauti inayosikika juu ya picha za ufukweni, mimi naweka V.O. baada ya jina la Shabani kama kwenye skripti nyingine zote, ila nahakikisha kila inapoanza tumetoka usoni kwake na kila inapoisha tumerudi usoni kwa mama. Yaani mtazamaji asisahau hata mara moja kwamba kuna mtu anaongea na kuna mtu anasikiliza. Sauti ikielea peke yake kwa dakika nzima inageuka kuwa sauti ya filamu, watu wanaacha kuipima.

Muigizaji aambiwe ukweli?

Aambiwe wote, na apewe lile daftari la pande mbili. Kuna madairekta wanapenda kumficha ili "awe halisi", mimi sikubali, asiyejua anachoficha hawezi kukificha. Ila kwenye mazoezi mwambie acheze kana kwamba kila neno ni kweli. Wa kumficha labda ni yule anayecheza mke, huyo kadiri anavyojua kidogo ndivyo mto unavyoletwa vizuri.

Nitajuaje kama wamegundua mapema mno, au hawajagundua kabisa?

Huwezi kujua mwenyewe, wewe jibu unalo. Tafuta watu watano au sita ambao hawajasikia hadithi, wasomee kwa sauti mmoja mmoja, na usimame kwenye kurasa ulizochagua uulize swali lile lile moja: unamwonaje huyu bwana? Usiulize "unamwamini", ukiuliza hivyo umeshapanda shaka. Andika jibu kama lilivyo.

Drafti yangu ya kwanza ilikufa ukurasa wa 2. Nilikuwa nimeandika fundi anatoka jasho mama akibisha hodi na kikombe kinamtetemeka, jirani yangu niliyekuwa namsomea akasema palepale, huyu kamuua. Nilikuwa nimeogopa kwamba watu hawatagundua, kwa hiyo nikawasaidia, na kumsaidia mtazamaji mapema ni kumnyang'anya filamu. Nikafuta jasho, nikafuta kikombe, fundi akawa mtu mzuri kweli, anampokea mama kwa unyenyekevu, ananyamaza akitajwa marehemu.

Drafti ya pili ikafanya kinyume. Dalili zote zilikuwa za bahari, mwezi nusu, upepo wa kusi na kaskazi, jina la mwamba usiokuwepo upande ule. Mama yangu mdogo aliyezaliwa Pangani alicheka na kutikisa kichwa kuanzia ukurasa wa 4, lakini rafiki yangu wa Singida alifika mwisho akasema maskini fundi, amefiwa na rafiki. Nililala nikiwa na huzuni siku hiyo maana niliipenda sana ile drafti. Ndipo nikaingiza shwari na upepo, jambo ambalo halihitaji ujue bahari, na nikaupa mto nafasi yake.

Ninachotafuta kwenye majibu ni hivi: ukurasa wa 4 wengi waseme ni mtu mwema, ukurasa wa 7 wawe wamegawanyika, ukurasa wa 10 wanyamaze kwanza kabla ya kujibu. Wote wakigundua mstari mmoja, hapo hakuna kugundua taratibu, kuna mlango mmoja tu na wote wamepitia hapo. Mimi nataka mmoja agundue kwa mwezi, mwingine kwa nyundo, mwingine kwa uzito wa mto, na wakitoka nje wabishane nani alijua kwanza.

Dakika 12 ndiyo kiwango? Naweza kufanya 30?

Unaweza, matamasha mengi yanakubali, hata tuzo za Oska zinahesabu filamu fupi mpaka dakika 40 pamoja na majina ya mwisho. Lakini mtu mmoja anayedanganya kwenye chumba kimoja kwa dakika 30 atahitaji uongo wa pili na wa tatu, na kila uongo mpya unahitaji ukweli wake kwenye daftari. Kama unao, endelea.

Mbona fundi hakiri? Watu wengine hawataelewa.

Hili nimeombwa nibadilishe mara nyingi, hata na mtu aliyetaka kutoa hela, alitaka fundi apige magoti. Nikakataa kwa sababu akikiri kazi yote ya mtazamaji inafutwa, yale aliyoyaokota mwenyewe anaambiwa tena kwa mdomo. Halafu kukiri kunamfanya fundi kuwa shujaa wa mwisho, wakati anayestahili dakika hizo ni mama.

Kwa hiyo ukurasa wa 11, fundi amemaliza kuhadithia. Bi Mwanahawa kidole chake kiko kwenye mshono wa mto ulioachia, anavuta kidogo, kinatoka kipande cha pamba nyeupe. Anauliza, "Pamba iliisha yote?" Fundi anasema, "Yote, mama. Hata ya kuweka sikioni haikubaki." Mama anakisokota kile kipande kati ya vidole viwili, hivi hivi kama tulivyoiona mikono ya fundi ikisokota ufukweni, halafu anakishindilia kwa kidole gumba ndani ya mshono wa mto, taratibu, mpaka kinaingia chote. Anausawazisha mto, anausogeza upande wa fundi. Anainuka kwa kushika ukuta. Mke wa fundi anachukua chemli ya mezani kumsindikiza, mama anamwambia, "Ahsante kwa mto, mwanangu," wanatoka.

Chemli imekwenda nao kwa hiyo chumba kina giza. Tunasikia mtoto anageuka usingizini, mkono wake unapapasa mkekani unautafuta mto, na Shabani hajasogea.